Shelfu Yangu: aplikesheni ya kuhesabu mzigo wa duka imeanza leo

Ile aplikesheni niliyowaambia tunaitengeneza na rafiki yangu fundi wa programu imefika sokoni. Inaitwa Shelfu Yangu. Kabla hujapakua acha nikuoneshe kilichonikuta kwenye sukari.

Nilinunua mfuko wa kilo 50 kwa 135,000, yaani kilo moja 2,700. Nauza robo 750, sawa na kilo 3,000. Kwenye aplikesheni unaingiza mfuko mmoja, unaiambia unauza kwa robo, yenyewe inagawa: robo 200. Kila ukiuza unagusa mara moja.

Siku ya kumi nilikuwa nimeuza robo 120. Hizo ni kilo 30, kwa hiyo simu ikasema mfuko una kilo 20. Nikabonyeza "Hesabu mzigo", nikaupandisha mfuko kwenye mizani: kilo 18.2. Kilo 1.8 hazipo!

Nilimshuku mdogo wangu, kusema kweli. Halafu nikapima vifuko vya robo alivyokuwa ameshafunga. Vingi vilikuwa gramu 265 badala ya 250. Tulikuwa tunachota kwa kikombe, hatupimi. Gramu 15 mara 120 ni kilo 1.8 ile ile. Faida niliyodhani ni 9,000 ilikuwa 4,140 tu. Kwenye daftari nisingeiona, maana pesa ya mauzo ilikuwa imetimia.

Kwa hiyo kazi yake kubwa ni hiyo, kulinganisha kinachotakiwa kuwepo na kilichopo. Pia inakukumbusha mzigo ukikaribia kuisha, ila kiwango unaweka mwenyewe. Kama unauza robo 12 kwa siku na mzigo unachukua siku 2 kufika, weka robo 36 ili ubaki na akiba ya siku moja.

Inafanya kazi bila bando. Intaneti unaihitaji tu wakati wa kutunza nakala, na hiyo usiipuuze, simu ikiibiwa bila nakala umeanza upya.

Sasa mapungufu. Haijui usichoiambia. Ukichukua mchele wa kupika nyumbani bonyeza "Matumizi ya nyumbani", la sivyo utaanza kumtafuta mwizi ambaye ni wewe. Deni nalo liandike siku ile ile mteja anapobeba kitu, sio siku anayolipa. Na usiingize duka zima kwa siku moja, utachoka uache. Anza na vitu vitano vinavyopimwa: sukari, mchele, unga, maharage na mafuta ya kupimia. Huko ndiko kunakovuja.

Kwa sasa ni ya simu za Android tu, wa iPhone mtusubiri kidogo. Ni bure mpaka bidhaa 50.

KUPAKUA: fungua Play Store, andika Shelfu Yangu, bonyeza Install. Ukikwama sehemu niandikie hapo chini, jioni nikifunga duka nawajibu.