Bandiko la ishirini na tano

Mhadhiri wa afya ya jamii anaweka swali kwenye kozi yake ya mtandaoni: "Eleza jinsi daktari John Snow alivyotumia ramani kuhusisha kipindupindu na pampu ya maji ya mtaa wa Broad, London, mwaka 1854." Mwanafunzi anajibu: "Daktari John Snow alitumia ramani kuhusisha kipindupindu na pampu ya maji ya mtaa wa Broad, London, mwaka 1854. Alichora mistari ya vifo kwenye nyumba zilizopata msiba, akaona imesongamana karibu na pampu hiyo." Programu ya kukagua mfanano inalipaka rangi jibu hilo tangu neno la kwanza, kwa kuwa wenzake nao wameanza vivyo hivyo.

Tuhesabu. Jibu lina maneno 32, na 17 kati ya hayo yametoka kwenye swali lenyewe, kwa mpangilio uleule. Zaidi ya nusu ya jibu, basi, ni maneno ya mhadhiri. Mwanafunzi amefanya alivyofundishwa tangu shule ya msingi: jibu kwa sentensi kamili, anza na maneno ya swali. Katika insha ya maneno 3,000, hayo 17 yasingefika hata asilimia 1. Katika jibu la mistari mitatu yanafunika kila kitu. Ndiyo maana asilimia ya mfanano, ambayo husaidia kwenye tasnifu, hupotosha vibaya kwenye majibu mafupi.

Majadiliano ya kozi yana chanzo kingine cha mfanano, nacho ni foleni. Darasa la watu 40 linaambiwa kila mmoja aandike bandiko moja na kuwajibu wenzake wawili kabla ya Jumapili usiku. Wa kwanza anaandika Jumatano. Anayefika wa ishirini na tano amekwisha kusoma hoja zote zinazojulikana, na bado anadaiwa bandiko. Hapo ndipo "nakubaliana na mwenzangu" huzaliwa, ikifuatiwa na hoja ya mwenzake iliyogeuzwa kidogo. Wengine hubonyeza kunukuu, na bandiko zima la mwenzao likaingia ndani ya lao. Tena kozi nyingi za vyuo vya Tanzania na Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyekimudu vizuri hushikilia sentensi ya maelezo ya somo kwa kuogopa kuiharibu akiigeuza.

Mfumo wa Moodle una aina ya jukwaa iitwayo `Q and A forum`, ambamo mwanafunzi haoni majibu ya wenzake mpaka aweke lake na muda wa kulihariri upite, kwa kawaida dakika 30. Foleni inavunjika. Lakini haizuii kundi la WhatsApp ambamo jibu limeshasambazwa.

Majaribio nayo huvuja kwa njia ambayo mara nyingi mwalimu mwenyewe ameifungua. Mipangilio ya jaribio kwenye Moodle humruhusu kuchagua wakati wa kuonyesha jibu sahihi. Akichagua `Immediately after the attempt`, anayemaliza Jumatatu asubuhi anaondoka na jibu la mfano kwenye simu yake, ilhali wenzake wana siku tatu mbele. Dalili yake huonekana kwenye saa za kuwasilisha: majibu ya mwanzo yana maneno tofauti tofauti, kisha kuanzia saa fulani yanaanza kufanana na jibu la mwalimu hadi alama za mkato. Dawa ni kuchagua `After the quiz is closed`.

Mfanano unaostahili kuchunguzwa kweli ni wa makosa. Wanafunzi wawili wakiandika 1854, hakuna la kushangaza. Huo ndio mwaka wenyewe. Wote wawili wakiandika 1845, hapo pana swali. Hata hivyo, kabla ya kuwaita ofisini, mwalimu afungue kwanza maelezo aliyowapa. Kama tarakimu ziligeuka humo, darasa zima litakosea pamoja bila yeyote kumchungulia mwenzake, na aliyeandika 1854 ndiye aliyesoma kwingine. Nimesisitiza hili kwa sababu mwanafunzi anayetuhumiwa kwa kosa la kuchapa la mwalimu hana namna ya kujitetea asipoonyeshwa chanzo.

Dawa nyingine ni swali lenyewe. Mhadhiri wetu angeweza kuandika: "Chagua kisima au bomba ambalo watu wa mtaa wako huchota maji. Kama kipindupindu kingezuka, ungeweka alama gani kwenye ramani, na ni nyumba ipi ingekutia shaka kuhusu hoja yako?" Jina la Snow litaendelea kujirudia katika kila jibu, na neno pampu pia. Lakini mmoja ataandika kuhusu nyumba yenye kisima chake uani, mwingine kuhusu familia inayonunua maji ya mkokoteni, na wa ishirini na tano atakuwa na mtaa ambao hakuna aliyemtangulia kuuandika.