Folda za picha za wanafunzi na namba zinazozitambulisha

Katika shule ya sekondari yenye wanafunzi mia kadhaa, picha za pasipoti hupigwa Januari, Kidato cha Kwanza wanaporipoti. Simu au kamera huzipa majina yake yenyewe, kama `IMG_20250120_093211.jpg`, yasiyosema picha ni ya nani. Kazi ya skripti, yaani programu fupi inayotekeleza maagizo yaleyale kila inapowashwa, ni kuzipokea picha ambazo karani ameshazipa namba na kuiweka kila moja mahali pake:

```
picha/
  2024/
    2024-0087/
      2024-0087_2025-01-20.jpg
```

Folda ya nje ni mwaka mwanafunzi alioandikishwa katika shule hiyo, wala si kidato chake. Sababu inaonekana kila Januari: folda iitwayo "Kidato cha Pili" ingelazimu picha zote zihamishwe, na anayekariri darasa angeachwa njiani. Mwaka wa kuandikishwa haubadiliki. Aliyehamia mwaka 2024 akiwa Kidato cha Tatu naye huingia katika `2024`, kwa kuwa ndio mwaka rejesta ya shule ilipompokea.

Ndani yake kila mwanafunzi ana folda moja. Tarakimu nne za mwisho ni nafasi yake katika rejesta ya mwaka huo, hivyo `2024-0087` ni wa themanini na saba kuandikishwa. Sifuri za mbele zina kazi. Kompyuta inapopanga majina kama maandishi hutazama herufi moja baada ya nyingine, kwa hiyo 10 hutangulia 2; tarakimu zikiwa nne daima, orodha hufuata rejesta. Mharibifu mkubwa wa sifuri hizi ni Excel, ambayo hugeuza 0087 kuwa 87 isipoambiwa mapema kwamba safu hiyo ni maandishi. Faili lililoitwa `2024-87.jpg` kwa kunakili kutoka jedwali la namna hiyo halitatambuliwa.

Jina la mwanafunzi halimo, na karani mgeni huliona hilo kuwa usumbufu. Lakini Juma Ali wanaweza kuwa watatu shuleni, na jina moja huandikwa Mohamed kwenye fomu na Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa. Namba ya mtahiniwa ya NECTA nayo haifai. Mwanafunzi huipata anaposajiliwa kwa mtihani tu, tena huandikwa kwa mkwaju, alama ambayo Windows haikubali katika jina la faili wala la folda.

Sehemu ya mwisho ni tarehe ya kupigwa picha: mwaka, mwezi, siku. Kwa mpangilio huo, picha mpya kabisa ndiyo ya mwisho katika orodha, na hiyo ndiyo skripti huichukua kwa kitambulisho. Mwanafunzi wa mfano huu alipigwa picha alipojiunga, kisha tena tarehe 20 Januari 2025. Picha ya kwanza haifutwi, ila haichapishwi tena. Tarehe ikiandikwa kwa mazoea ya ofisini, yaani 20-01-2025, siku hutangulia mwaka na mpangilio wote huvurugika.

Karani hahitaji kutengeneza folda kwa mkono. Huipa picha namba na tarehe, huiweka katika folda ya `mapokezi`, kisha huiwasha skripti, ambayo huhamisha inachokielewa na kupeleka mengine `_haijulikani`. Huko ndiko kwa kutazama kwanza. Kosa linalosumbua zaidi ni jina linaloishia `.jpg.jpg`: Windows kwa kawaida huficha kiambishi cha aina ya faili, karani akakiandika tena bila kujua. Dawa ni kuwasha mpangilio unaoonyesha viambishi hivyo. Lingine ni `(1)` mwishoni, dalili kwamba faili limenakiliwa mara mbili.

Kuna kosa moja ambalo skripti haiwezi kulikamata: namba sahihi kwenye uso wa mtu mwingine. Akiandika 0078 badala ya 0087, na namba zote mbili zimo katika rejesta, picha huhamishwa bila onyo lolote. Njia ya kuligundua ni kuchapa karatasi moja ya picha na majina kwa kila mkondo na kumpa mwalimu wa darasa, ambaye anawafahamu wanafunzi kwa sura, kabla vitambulisho havijachapwa.

Wanafunzi wanapomaliza, folda ya mwaka haifutwi yote kwa pamoja. Wengi wa `2021` walimaliza Kidato cha Nne mwaka 2024, lakini aliyekariri huwa bado yumo darasani, hivyo huondolewa folda za waliomaliza mmoja mmoja kwa kufuata rejesta.