Herufi Mbili Zilizokosekana

Jumamosi ya tarehe 19 Machi 2016, barua pepe iliingia kwenye kikasha cha John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton ya kuwania urais wa Marekani. Ilionekana imetoka Google. Ilimwarifu kwamba kuna mtu aliyeko Ukrainia ametumia nenosiri lake kujaribu kuingia kwenye akaunti yake, kwamba amezuiwa, na kwamba sasa abadilishe nenosiri mara moja. Chini palikuwa na kitufe: CHANGE PASSWORD.

Wasaidizi wake hawakukurupuka. Walifanya lile ambalo ofisi nyingi huwahimiza watu wake wafanye: barua ikapelekwa kwa fundi wa kompyuta wa kampeni. Fundi akajibu kuwa barua ni halali na Podesta abadilishe nenosiri upesi. Baadaye aliliambia gazeti la New York Times kwamba alikusudia kuandika kuwa si halali. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanatofautiana kwa herufi mbili tu za mwanzo. Kitufe kikabofywa. Oktoba mwaka huohuo WikiLeaks wakaanza kumwaga barua za Podesta hadharani, na hati ya mashtaka iliyotolewa Marekani Julai 2018 dhidi ya maofisa 12 wa ujasusi wa jeshi la Urusi inataja barua zaidi ya 50,000 zilizoibwa.

Kuteleza kwa vidole ni jambo la kila siku, simlaumu fundi yule kwa hilo. Kinachonikera ni kwamba jibu lake halikutaja sababu ya hukumu yake. Laiti angeandika chini yake alichokiona, tuseme “kitufe hakiendi Google”, mstari huo ungegombana na neno “halali” lililokaa juu yake, na yeyote aliyesoma angerudi kuuliza.

Hebu tuipitishe barua ile kwenye orodha ya dalili za ulaghai zinazobandikwa kwenye kuta za ofisi. Dalili ya kwanza huwa ni salamu isiyo na jina, ile ya “Mteja mpendwa”. Barua ya Podesta ilimsalimu kwa jina. Ya pili ni lugha mbovu, lakini hii iliandikwa vizuri. Ya tatu ni anwani ngeni ya mtumaji. Hapa ilisomeka accounts.googlemail.com, na googlemail.com kweli ni mali ya Google, ingawa sehemu ya mtumaji ni maandishi tu, kama jina la mtumaji mgongoni mwa bahasha, ambalo mtu huweza kuandika lolote. Ya nne ni haraka. Haraka ilikuwapo, lakini hata onyo la kweli la Google kuhusu mtu anayejaribu kuingia kwenye akaunti yako hukuhimiza uchukue hatua. Kwa hiyo kati ya dalili nne tumepata moja, tena dhaifu. Anayehukumu kwa kuhesabu angeipitisha barua hii bila wasiwasi.

Sasa tukitazame kitufe. Kwenye kompyuta unaweka kishale juu yake bila kubofya, na kwenye simu unakibonyeza kwa muda bila kuachia, mpaka anwani iliyofichwa ijitokeze. Anwani hiyo ilianza na bit.ly, huduma ya kufupisha anwani ndefu. Google wana mlango wao. Kwa nini wampeleke mtu kubadilisha nenosiri kupitia uchochoro wa kampuni nyingine? Na mwisho wa uchochoro huo palikuwa hapa:

```
myaccount.google.com-securitysettingpage.tk
```

Jicho letu husoma kuanzia kushoto, likiona google.com linatulia. Mwizi anategemea hapo. Jina la tovuti husomwa kutoka kulia: tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, au mwisho wa anwani kama mkwaju haupo, kisha urudi nyuma. Hapa mwisho ni .tk, alama ya Tokelau, visiwa vidogo vya Pasifiki ambavyo majina yake wakati huo yaligawiwa bure kwa yeyote. Rudi kushoto hadi nukta inayofuata: com-securitysettingpage. Huyo ndiye mwenye nyumba. Kistari baada ya com si nukta, hakitenganishi kitu. Maneno yaliyobaki kushoto, myaccount na google, ni majina ambayo mwenye nyumba anajiwekea apendavyo, kama mtu anayeandika “Ikulu” juu ya mlango wa banda lake la kuku. Kwa anwani zetu zinazoishia .co.ke au .go.tz, hesabu vipande hivyo viwili kuwa mwisho mmoja, na mwenye nyumba ni jina linalovitangulia.

Dalili hii moja inazizidi nguvu zile nne. Ndiyo maana ninaposoma barua ya mashaka kwa niaba ya mwenzangu, jibu langu huwa na umbo hili:

```
HUKUMU: ulaghai
VIASHIRIA VILIVYOONEKANA:
- kitufe CHANGE PASSWORD kinapitia bit.ly (kizito)
- kinaishia com-securitysettingpage.tk (kizito)
- "badilisha mara moja" (dhaifu)
VILIVYOTAFUTWA, HAVIPO: lugha mbovu, salamu isiyo na jina
```

Kila kiashiria kinataja mahali kilipo ndani ya barua, ili aliyeuliza akitafute mwenyewe. Mstari wa mwisho nao una kazi, kwani unamwonyesha nilitazama wapi, na hivyo wapi sikutazama.

Umbo hili liliniokoa na aibu kubwa zaidi kuliko niliyoipata. Mwaka mmoja ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilituma fomu ya bima. Salamu: “Mfanyakazi mpendwa”. Mwisho wa kujaza: Ijumaa. Kiungo kilikwenda kwenye tovuti ya kampuni tusiyoijua. Niliandika “ulaghai”, nikaorodhesha hayo matatu, nikaisambaza. Dada wa utumishi alisoma orodha, akanipigia simu. “Kaka, hiyo kampuni ndiyo tuliyoipa kazi ya kukusanya fomu. Hayo mengine ni uandishi wangu mbaya tu.” Nilifungua maelezo kamili ya barua, sehemu ambayo kompyuta hujaza yenyewe, nikakuta dkim=pass pamoja na jina la ofisi yetu; maana yake barua ilitiwa sahihi na mfumo wetu na haikuguswa njiani. Nikabadili hukumu. Ningeandika “ulaghai” peke yake, angekuwa na nini cha kunisahihisha?

Kuna barua moja, hata hivyo, ambayo orodha yoyote huishindwa. Mwizi ameshaiba nenosiri la mhasibu wa kampuni mnayonunua bidhaa kwake. Anasoma mazungumzo yenu kimya kimya, anasubiri ankara inayofuata, kisha anaandika kutoka akaunti ileile ya siku zote: “Tumebadilisha benki, malipo ya mwezi huu yaende kwenye akaunti hii mpya.” Mtumaji ni wa kweli, sahihi ya mfumo ni ya kweli, kiungo hakuna, lugha ni ya mhasibu mwenyewe kwa sababu imenakiliwa kutoka barua zake za awali. Cha kushika ni ombi lenyewe tu, kwamba pesa zibadili njia. Barua ya namna hiyo siandiki kuwa halali. Naandika hivi: “Kiashiria katika barua: hakuna. Ombi: akaunti mpya ya benki. Mpigie mhasibu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usitumie iliyo chini ya barua hii.”