Bei ya gari na lita za kilomita mia

Ulaji halisi wa mafuta hupimwa kwa lita ambazo gari hutumia katika kilomita 100. Matangazo ya magari yaliyotumika kutoka Japani kwa kawaida hutaja kilomita kwa lita, na hapo mnunuzi hupotea kirahisi. Kutoka gari la kilomita 8 kwa lita kwenda la kilomita 10 huokoa lita 2.5 katika kila kilomita 100. Kutoka la 16 kwenda la 20, hatua inayoonekana kubwa zaidi, huokoa lita 1.25 tu. Tena, takwimu za kiwandani hupatikana maabarani, magurudumu yakizunguka juu ya roli kwa mwendo uliopangwa. Foleni ya Mbagala haimo.

Kipimo cha kuaminika ni cha tangi hadi tangi. Tangi hujazwa mpaka pampu ijikate yenyewe, bila kuongezea, na kihesabu cha safari kwenye dashibodi hurudishwa sifuri. Gari huendeshwa kama kawaida, kisha hujazwa tena kwenye pampu ileile. Lita za mara ya pili hugawanywa kwa kilomita zilizokwenda, jibu likazidishwa kwa 100. Lita 38.5 kwa kilomita 550 ni lita 7.

Umbali mfupi huharibu kipimo. Pampu ikijikata mapema kwa sababu ya povu, lita mbili zinaweza kupungua au kuzidi. Katika kilomita 100 kosa hilo huligeuza gari la lita 7 kuwa la lita 9. Katika kilomita 500 ni lita 0.4 tu. Matairi makubwa kuliko ya asili nayo hudanganya, kwani kihesabu husoma kilomita pungufu na gari likaonekana mlafi kuliko lilivyo.

Mathalani, gari la kwanza linauzwa shilingi milioni 16 na linakula lita 11. La pili ni milioni 20 na linakula lita 7. Kwa mwendo wa kilomita 15,000 kwa mwaka, la kwanza humaliza lita 1,650, la pili 1,050. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni milioni 1.8 kila mwaka, na ile milioni nne ya ziada hurudi kwa miaka miwili na miezi michache. Anayekwenda kilomita 5,000 tu kwa mwaka atangoja zaidi ya miaka sita, na kwake gari la bei nafuu linaweza kuwa chaguo bora.

Magari yote mawili sharti yapimwe kwenye njia ambayo mnunuzi atapita. Haibridi huokoa mafuta mengi kwenye foleni, kwa kuwa injini huzimika gari likisimama na kufunga breki huchaji betri. Kwenye safari ndefu ya mwendo mmoja faida hiyo hupungua. Asiyeweza kupima kabla ya kununua amwombe mwenye gari la aina hiyo, injini hiyo na njia hiyo ampimie tangi moja.