Sura ya Tano: Maporomoko ya Sanje na Kamba ya Vifundo

Chukua video mbili zilizopigwa Mang'ula. Ya kwanza ni ya maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa: maji yanashuka mita 170 hivi, mvuke unapanda, sekunde 12. Ya pili imepigwa kule bondeni, jarubani. Watu wawili wameivuta kamba yenye fundo kila sentimita 20 mpaka ikakaza, na mkono wa mama mmoja unapachika mche wa SARO 5 kwenye tope, hapo hapo penye fundo. Sekunde 40, bila muziki.

Tuseme kila video imeonyeshwa watu 100. Sanje imepata laiki 12, shea 1 na sevu 1. Kamba imepata laiki 5, shea 3 na sevu 5. Takwimu hizi nimeziweka mwenyewe ili tufanye hesabu. Ukijumlisha vitendo vyote, Sanje inashinda, 14 kwa 13. Ila mtambo unaopanga video haujumlishi hivyo.

Mwezi Desemba 2021 gazeti la New York Times lilieleza waraka wa ndani wa TikTok uliokuwa na kanuni hii, katika umbo lililorahisishwa:

```
Plike x Vlike + Pcomment x Vcomment + Eplaytime x Vplaytime + Pplay x Vplay
```

Herufi P ni uwezekano: kabla hujaiona video, mtambo unakadiria kama wewe, mtu huyu hasa, utailaiki au utaandika maoni. E ni sekunde unazotarajiwa kutazama. V ni thamani ambayo kampuni imekipa kila kitendo. Thamani zenyewe hazikutajwa.

Tuzipange basi za kwetu, tukiongeza sevu na shea ambazo kanuni hii iliyorahisishwa haizitaji: laiki 1, sevu 6, shea 8. Sanje inapata 12 + 6 + 8, yaani 26. Kamba inapata 5 + 30 + 24, yaani 59. Video iliyoshindwa kwa idadi sasa ina alama zaidi ya mara mbili.

Kwa nini sevu na shea zipewe uzito? Laiki ni kama salamu ya mpita njia. Kidole kinagusa huku jicho limeshahamia video inayofuata. Anayesevu kamba amepanga kurudi siku ya kupandikiza, na mtumiaji anayerudi ndiye kampuni inayemtafuta. Anayeshea anailetea kampuni mtazamaji wa pili, na anaweka heshima yake rehani: shemeji yake akiona upuuzi, atamkumbuka yeye.

Kampuni hazifanani, na hapa ndipo wengi wanapopotoka kwa kukariri namba moja ya kila mahali. Facebook, kwa mfumo wake wa 2018, iliipa laiki alama 1 na kushea bila kuandika neno alama 5. Twitter ilipochapisha msimbo wake mwaka 2023, laiki ilikuwa 0.5 na kusambaza upya 1.0, mara mbili tu, huku jibu likipewa 13.5. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alisema Januari 2025 kwamba laiki ina nguvu kidogo zaidi kwa wanaokufuata tayari, na kumtumia mtu video kuna nguvu zaidi katika kuwafikia wasiokujua. Kwa mkulima wa Mang'ula anayetaka kusikika Mlimba au Mbeya, kauli hiyo ndiyo ya kushika.

Kurudia kutazama ni jambo jingine kabisa, kwa sababu halina kitufe. Linaingia kwenye zile sekunde. Watu 15 kati ya 100 wakirudisha nyuma sekunde 10 za kamba, zinaongezeka sekunde 150, wastani wa 1.5 kwa kila mtazamaji. Sanje ikijizungusha yenyewe mara ya pili mbele ya mtu aliyeweka simu mezani, huyo mmoja ameongeza 12. Hivyo marudio ya video fupi ni ushahidi dhaifu. Tangu Machi 31, 2025 YouTube huhesabu kila mara Shorts inapoanza au kurudiwa kuwa ni utazamaji, lakini malipo yanafuata hesabu nyingine, ya waliotazama kweli.

Kuna pia kisichohesabika. Video ikishushwa na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, safari yake kutoka hapo TikTok haiioni tena. Na watu wanne wakiinamia simu moja kwenye tuta la jaruba, kwa mtambo ni mtazamaji mmoja.

Kwa hiyo usilinganishe video zako kwa idadi ya sevu peke yake. Gawanya sevu kwa watu waliofikiwa, halafu zidisha kwa 100. Kamba ina 5, Sanje ina 1. Piga kamba nyingine, na safari hii onyesha jinsi vifundo vinavyofungwa.