Nyota Mbili Katika Mkebe Mmoja

Mjukuu anafungua mkebe wa biskuti wa marehemu babu yake, kijijini Songea, akitafuta hati ya shamba. Hati haimo. Mna vifungo, wembe wa kizamani, risiti za kodi ya kichwa zilizokunjwa mara nne, na chini kabisa nyota mbili za shaba, kila moja na ncha zake sita. Utepe umeoza zamani. Anazigeuza, anaziweka sambamba juu ya godoro. Zimefanana kama pacha.

Hapo ndipo inapoanzia hadithi fupi niliyoiandika mwaka uliopita. Waliosoma waliniuliza swali moja tu: ni kweli? Basi nieleze. Watu wa hadithi nimewatunga, wote, na ndiyo maana sikuwapa majina. Nyota sikuzitunga, wala sikuitunga vita, wala ule ujanja wa kujiandikisha jeshini ambao hadithi nzima inauegemea.

Nianze na nyota. Katikati ina taji na herufi za Mfalme George wa Sita, na kwenye duara linalozizunguka imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hii ni Nyota ya Burma. Serikali ya Uingereza iliitoa kwa waliotumika katika vita vya Burma kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945. Nimesoma hadithi kadhaa ambamo babu anapata nishani ya namna hii kwa kuwa aliruka handaki akaua maadui saba. Mwandishi wa hadithi hizo hakuuliza. Nyota hii hailipi ushujaa. Aliyefika uwanja wa vita huko alistahili kupewa, awe mpiga bunduki, dereva wa lori, mpishi au mbeba machela. Inasema alikuwapo, basi.

Tena haisemi ni nani aliyekuwapo. Nishani ya fedha ya vita vya 1914 hadi 1918 ukiizungusha ukingoni utakuta imechongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Kwa vita vya pili Uingereza iliamua nyota zake zitolewe bila kuchongwa chochote. Waafrika Kusini na Waaustralia serikali zao ziliwachongea. Askari wa Keya, kama babu zetu walivyoliita jeshi lile la Mwingereza, walipokea nyota tupu mgongoni. Ikishatoka mkononi mwa mwenyewe haina tena njia ya kurudi kwake.

Ndiyo maana nikaweka mbili. Askari aliyestahili alipewa moja, na haijalishi alikaa Burma mwezi au mwaka. Mjukuu wa hadithi yangu halijui hilo mwanzoni. Anajisifu kwa rafiki zake kwamba mzee alikwenda Burma mara mbili. Ni mwalimu mmoja mstaafu anayemkata kauli: "Mjukuu wangu, mtu hapewi nyota hiyo mara ya pili. Hiyo nyingine ina mwenyewe."

Sasa hao watu wawili walikuwa wapi? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa begani alama ya kichwa cha kifaru, ilikaa kwanza Kisiwa cha Seiloni ikifanya mazoezi. Agosti 1944 ikaingizwa mstari wa mbele, ikashuka bonde la Kabaw kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Ndani yake zilikuwamo batalioni za Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, na za Tanganyika, ya 26 na ya 36. Bonde la Kabaw lilikuwa na malaria ya kutisha, na wao waliingia wakati wa masika ya huko, mvua isiyokatika, magari yakizama tope hadi mhimili. Mapema Desemba walikuwa wameuchukua mji wa Kalewa na kuuvuka mto Chindwin. Waruhiu Itote, ambaye baadaye Kenya ilimjua kama Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa kwenye batalioni ya 36 na ameyaandika maisha yake. Nilipoona kijana wa Nyeri akitumika kwenye batalioni ya Tanganyika nilijua hadithi yangu haitakosa njia: jeshini, mtu hakuwa lazima alivyoandikwa.

Hili la kuandikwa ndilo kiini, niruhusuni nilikalie. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na imani yao kwamba makabila fulani yamezaliwa kupigana na mengine hayafai. Wangoni na Wahehe walisifiwa. Watu wa pwani walionekana walaini. Vijana walilitambua hilo upesi kuliko maofisa walivyodhani. Aliyetaka kazi ya jeshi, sare na mshahara, alijiita wa kabila linalotakiwa, akachukua jina linalofanana na kabila hilo, na karani akaandika. Ukaguzi ulikuwa kifua, meno na miguu. Lugha haikumfichua, kwa kuwa kambini wote walizungumza Kiswahili cha amri, kile kilichoitwa Kikeya, ambacho hata sajini wa Kizungu alikivunja bila aibu.

Wengine walikuwa na sababu nzito zaidi ya kubadili jina. Mkonge wa Tanga ulikuwa ukivunwa na manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali. Kutoroka kabla ya mkataba kwisha kulikuwa kosa la kushtakiwa. Kwa mtoro, jeshi lilikuwa mahali pa kulala, kula na kupotelea.

Kwa hiyo rafiki wa babu nimemfanya Mrufiji. Katoroka mkonge, kakutana na babu penye foleni ya kuandikishwa, na usiku ule wamelala chini ya mwembe mmoja. Asubuhi anapoulizwa kabila anajibu Mngoni. Anapoulizwa jina la baba anajikwaa kidogo, halafu anataja jina alilolisikia jana kutoka kwa mwenziwe. Anapoulizwa akifa apelekewe nani habari, anataja nyumba ileile, ya Songea, asiyoijua. Karani haoni ajabu ndugu wawili kuandikishwa pamoja.

Msomaji makini ameshaiona nyota ya pili inakotoka. Nishani za askari aliyekufa zilipelekwa kwa jamaa yake kama alivyojiandikisha. Vita vimekwisha, babu amerudi, na moja ya siku hizo analetewa mali ya "ndugu" yake. Hawezi kuirudisha bila kumfichua marehemu kwamba alidanganya. Hawezi kuipeleka Rufiji, kwa sababu mwenziwe, kwa tahadhari au kwa aibu, hakuwahi kumtajia kijiji. Anaitia mkebeni pamoja na yake.

Mjukuu anayajuaje haya? Hapa nililazimika kuwa mwangalifu, maana hadithi nyingi za upelelezi wa ukoo humwokoa shujaa wao kwa barua ndefu iliyofichwa darini. Askari wengi wa Keya hawakuacha barua. Kilichopo ni orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo yeyote anaweza kuipekua bure kwenye mtandao. Ina mipaka yake: inaorodhesha waliokufa tu. Aliyerudi salama, kama babu, hayumo. Na majina ya Kiafrika yameandikwa kama karani alivyosikia, hivyo mtafutaji ajaribu tahajia tatu au nne, abadilishe r na l, aondoe irabu ya mwisho. Lakini kwa baadhi ya askari wa Afrika Mashariki kuna mstari mfupi wa ziada, unaosema mtoto wa nani na wa wapi.

Mjukuu anaandika jina la babu. Hakuna kitu. Anajaribu jina la baba wa babu. Mara ya tatu, kwa tahajia iliyopinda, linatokea: askari wa Keya, amekufa Desemba 1944, mtoto wa baba mzaa babu, wa Songea. Ametajwa kwenye Mnara wa Rangoon, ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana. Mjukuu anaisoma tena na tena. Baba mzaa babu alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, ukoo mzima unajua.

Mfano wa hadithi kama hii huharibika hapa, kwa sababu nyaraka imeshasema uongo wake na haitasema zaidi. Jina lililochongwa ukutani Burma ni la mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Ilibidi nirudi kwa watu. Dada mdogo wa bibi, ajuza wa miaka tisini na kitu, anamkumbuka mgeni aliyekuja na babu likizo moja kabla hawajapanda meli. Alikuwa mtoto mdogo, na hakumbuki sura wala jina. Anakumbuka mikono. "Alikaa pale barazani akasuka ukili," anasema. "Mwanamume! Tulicheka. Akatusukia jamvi, akatuambia kwao samaki ni mboga ya kila siku, na mto ukijaa watu wanahama na mitumbwi."

Hilo tu. Lakini mto unaofurika hadi watu wahame, ukindu, samaki na njia ya kutokea Tanga, mtu wa Tanganyika akiyaunganisha anafika bonde la Rufiji bila ramani. Sikutaka apate kijiji mara moja. Anazunguka wiki mbili, anaulizia familia iliyopotelewa na kijana mkonge wakati wa vita. Anazipata tano. Waliopotelea mkonge walikuwa wengi, na nyumba tatu kati ya hizo zinataka sana nyota iwe yao. Nilipoandika sehemu hii nilitamani kumrahisishia, nikajizuia. Anachokuja kukitumia ni kitu kidogo alichokisema ajuza wa Songea, kwamba jamvi lile lilifungwa pembe kwa namna ambayo hakuiona tena popote. Lipo bado, limechakaa, mjukuu amekuja na kipande chake mfukoni.

Nyumba ya nne, mama mmoja kipofu anakipapasa. Ni mdogo wake kijana aliyepotea. Anakipapasa pembe, anakirudia, halafu anakiweka mapajani na hakirudishi.

"Shikamoo, mama," mjukuu anarudia, maana ameishiwa la kusema.

"Marahaba, mwanangu. Sisi tulimwekea arobaini. Tuliambiwa katani imemmaliza." Anauchukua ule mkono wa kijana na kuishika nyota iliyomo, ncha moja moja, zote sita. Hamuulizi ni ya nini. Anauliza, "Huko alikofia, kulikuwa na mto?"

"Ulikuwapo, mama."

"Mkubwa?"

"Mkubwa. Alikuwa ameshauvuka."