Sabuni Trilioni Sita

Mstari wa tatu wa risiti unasomeka hivi: sabuni ya kipande, idadi 6201234567893, bei shilingi 2,000. Aliyezoea kupitia data za maduka haoni idadi hapo, anaona bakodi. Keshia alibonyeza kitufe cha idadi ili aandike 3, mteja akamsemesha, naye akaskani sabuni kabla hajaandika. Kwa mashine, skana ni kama kibodi: inachapa tarakimu zote 13 pale kishale kilipo.

Kulithibitisha ni rahisi. Namba 620 za mwanzo ni za bakodi zinazotolewa na GS1 Tanzania. Kisha, katika tarakimu 12 za kwanza, jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu na kuendelea: 26. Jumlisha zilizobaki, uzidishe kwa 3: 81. Jumla ni 107, na ili kufika 110 panahitajika 3. Tarakimu ya mwisho ni hiyohiyo 3.

Keshia aliliona kosa na kuufuta mstari ule. Lakini katika mifumo mingi kufuta hakuondoi kitu. Kunaongeza mstari wa pili wenye idadi hasi. Mauzo ya siku yakafunga sawasawa, huku ripoti ya manunuzi, inayosoma mistari ya mauzo peke yake, ikiona sabuni trilioni sita zimetoka. Kwa hiyo ukaguzi wa usiku, duka likishafungwa, hupitia mstari mmoja mmoja badala ya kutazama jumla:

```sql
SELECT risiti, bidhaa, idadi, bei
FROM mauzo
WHERE tarehe = CURRENT_DATE
  AND (idadi > kikomo
    OR bei <= 0 OR bei > 10 * bei_orodha
    OR (idadi < 0 AND risiti_asili IS NULL));
```

Sharti la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi. Idadi hasi ni halali mteja akirudisha bidhaa au mstari ukifutwa, mradi itaje risiti ilikotoka. Isiyo na risiti ya asili inaweza kuwa bahati mbaya, na inaweza kuwa mtu aliyeandika marejesho ya uongo akachukua fedha kwenye droo.

Kikomo nacho kiwekwe kwa kila bidhaa. Madaftari 200 kwa mteja mmoja mwezi Januari, shule zikifunguliwa, ni jambo la kawaida. Televisheni 200 si kawaida. Ukiweka kikomo kimoja kwa zote, orodha ya asubuhi itajaa mistari mizima, na wiki ya pili meneja ataacha kuisoma.

Mstari ulionaswa usirekebishwe na kompyuta. Utengwe, ripoti zisiuhesabu, na asubuhi meneja aulinganishe na nakala ya risiti, kisha aandike marekebisho yenye jina lake. Rekodi ya mwanzo ibaki ilivyo.

Keshia aliyeandika 21 badala ya 12 atapita salama, maana vipande 21 vya sabuni vinawezekana kabisa. Huyo atajulikana siku ya kuhesabu rafu.